Hadithi fupi: Taa ya Bibi (na swali kwa mafundi: inaweza kuwaka yenyewe?)

#1 Kalamu_Kavu

Wakuu, salaam. Nimeandika hadithi fupi, iko hapa chini. Msomaji wangu wa kwanza ameugomea mwisho wake. Anasema taa ya kengele haiwezi kuwaka bila mtu kubonyeza kitufe, kwa hiyo nimewadanganya wasomaji. Mafundi mnasemaje?

*Bibi alisikia lori likipita na kabati likifungwa kwa kishindo, lakini kengele ya mlangoni hakuisikia. Wageni walibonyeza, wakangoja, wakaenda zao wakisema hayupo. Kumbe yupo, kaupa mlango mgongo, anashona dirishani.*

*Rehema, mjukuu wake wa miaka 12, alianza na kilicho rahisi: kitufe, waya, betri, taa. Lakini taa iliwaka pale tu kidole kilipokuwa juu ya kitufe. Mgeni hubonyeza na kuachia, na wakati huo Bibi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.*

*Akatafuta chipu mbili za NE555. Ya kwanza ingeshikilia umeme kwa sekunde kumi na moja baada ya kitufe kuachiwa. Ya pili ingeiwasha na kuizima taa polepole, kama mtu anayepumua usingizini. Rezista alizokuwa nazo, ukiacha ile ya taa, zote zilikuwa na mistari ya kahawia, nyeusi na njano, na hizo ndizo alizotumia. Waya aliupitisha juu ya ukuta, nyuma ya friji, hadi mlangoni.*

*Taa akaipachika juu ya mlango. Mama mdogo akabonyeza, taa ikawaka vizuri, Bibi akaendelea kushona. Rehema akasimama nyuma ya kiti cha Bibi, akainama mpaka macho yake yakawa usawa wa macho ya Bibi, akatazama kile anachokitazama yeye. Ulikuwa ukuta mweupe. Akaihamisha taa, akaielekeza kwenye ukuta ule. Safari hii Bibi aliinua kichwa kabla Mama mdogo hajabonyeza mara ya pili.*

*Betri moja ya volti 9 ikamaliza msimu mzima wa mvua. Kisha asubuhi moja Bibi akasema, "Jana usiku kulikuwa na mgeni." Alifungua, hapakuwa na mtu. Usiku uliofuata hivyo hivyo. Rehema akakagua kila kiungo, akaona vyote vizima. "Niizime usiku?" akauliza.*

*"Iache," Bibi akasema. "Labda ni mgeni mwenye haya."*

#2 FundiWaya

Mkuu, huyo msomaji wako hajawahi kutengeneza kitu hiki. Kuwaka yenyewe ndiyo tabia yake ya kwanza.

Na jibu umeliandika mwenyewe. Kahawia, nyeusi, njano ni 100k. Chipu ile huanza kuhesabu pale volti za mguu wa 2 zinapoanguka chini ya theluthi ya volti za betri. Muda wote ambao hakuna mgeni, kazi ya kuushikilia mguu huo juu ni ya rezista moja. Rehema kaweka 100k, na hiyo ni dhaifu mno kwa waya mrefu. Halafu waya wenyewe kaupitisha nyuma ya friji! Mota ya friji ikizima, cheche inaruka kwenye swichi yake, waya ulio jirani unadaka mshtuko mdogo, na mshtuko huo ukifika mguu wa 2 chipu inaamini kitufe kimebonyezwa. Mchana Bibi haoni ajabu, watu wanaingia na kutoka. Usiku ndiyo anashtuka.

Dawa yake: rezista ya 1k badala ya 100k kwenye mguu huo, kapasita ya nanofaradi 100 kutoka mguu huo kwenda hasi, na waya mbili za kitufe zisokotwe pamoja badala ya kuachwa zikiwa mbalimbali. Mguu wa 5 nao uwekewe kapasita ndogo kwenda hasi. Watu wengi huuacha wazi.

#3 Kijicho

Fundi unazunguka sana. Hapo betri ilikuwa inaisha. Betri ikichoka volti zinashuka, zikishuka chini ya hiyo theluthi yako taa inawaka. Hesabu imeisha.

#4 FundiWaya

@Kijicho, theluthi hiyo ni ya betri yenyewe. Betri ikishuka kutoka 9 hadi 6, mpaka nao unashuka kutoka 3 hadi 2, na mguu wa 2 unashuka pamoja nao. Havikutani.

Ila kuna kipande umekigusa. Betri iliyochoka inayumba kila inapovutwa kwa nguvu. Chipu hizi za kawaida, pale zinapogeuka kutoka kuwaka kwenda kuzima, huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo sana. Kama hakuna kapasita karibu na chipu, yumbo hilo linaweza kuianzisha upya. Lakini hapo ungeona taa ikimaliza sekunde zake, inaanza tena, inamaliza, inaanza. Bibi hakusema hivyo. Alisema kuna mgeni, basi.

#5 Kijicho

Kwa hiyo nina nusu ya haki. Naichukua.

#6 MamaSubira

Mbona hakuna anayetaja mvua? Mwandishi kasema msimu wa mvua. Kitufe kiko nje. Maji yakiingia ndani pamoja na vumbi, yanapitisha umeme kidogo kati ya vile vibati viwili, ni sawa na kidole kinachobonyeza kwa uvivu. Kwangu ilitokea hivyo, tena kengele yenyewe ilikuwa ya kununua. Nilifungua kitufe nikakuta kutu ya kijani.

#7 FundiWaya

@MamaSubira hilo nalikubali, na linatoka kwenye kosa lile lile. Kwa rezista ya 100k, maji yakiwa na ukinzani wa chini ya 50k pale kwenye kitufe yanatosha kuuangusha mguu wa 2 chini ya theluthi. Maji yenye vumbi na chumvi ya vidole yanafika huko. Ukiweka 1k, maji yatahitaji kushuka chini ya ohm 500, na unyevu wa kawaida haufiki hapo.

Tatizo ni kwamba mwandishi anasema msimu wa mvua uliisha salama, ndipo mgeni akaanza.

#8 MamaSubira

Kutu haiondoki mvua ikiisha. Na umande upo.

#9 Jirani_Mwema

Habari zenu. Na mimi kengele yangu inalia bila mtu. Haina waya, kitufe kiko mlangoni na sauti iko sebuleni. Nimebadilisha betri mara nyingi. Nifanyeje?

#10 Kijicho

Nenda kamuulize jirani yako kama naye kanunua ya aina hiyo hiyo, maana jina lako linanitia shaka 😂

#11 Mzee_Sikio

Vijana, mmeng'ang'ania friji. Mimi ndiye huyo Bibi, tofauti ni ndevu. Mstari wa kwanza wa hadithi ni wa kweli kabisa na hakuna aliyeusimamia: anasikia lori, hasikii kengele. Sikio la uzee hupoteza kwanza sauti nyembamba. Vikengele vya siku hizi, hivi vyenye kisahani kidogo kinachopiga kelele, vingi vinalia kwa mitetemo 2000 hadi 4000 kwa sekunde, na huko ndiko mimi sina kitu. Ungenipigia sauti nzito ningesikia nikiwa jikoni.

Kwa hiyo mtoto angebadilisha kengele, asingehitaji taa. Kwangu waliweka ile ya zamani yenye nyundo na bakuli kubwa la chuma, mambo yakaisha. Chipu hiyo hiyo ya 555 inaweza kutoa sauti nzito kwenye spika.

#12 Nesi_Mstaafu

@Mzee_Sikio shikamoo. Unalosema lina ushahidi mzuri upande wa ving'ora vya moshi. Kwa watu wenye usikivu hafifu waliolala, sauti nzito ya mitetemo 520 kwa sekunde iliwaamsha vizuri zaidi kuliko ile nyembamba ya 3000 na ushee. Taa peke yake ilifanya vibaya kuliko walivyotarajia. Aliyelala usingizi mzito kope zimefungwa, labda kageukia ukuta. Ndiyo maana wengi huwekewa kitetemeshi chini ya mto.

Lakini usimnyang'anye Bibi taa. Wapo wasiosikia hata hiyo nzito, na wapo wanaovua vifaa vya masikio wakiwa nyumbani kwa sababu vinawachosha. Mchana, kwa mtu aliyekaa macho wazi, taa inafanya kazi. Sharti iwe mahali anapotazama. Kile kitendo cha mtoto kuinama nyuma ya kiti ndicho fundi wengi wazima hawakifanyi.

#13 Mzee_Sikio

Marahaba. Taa ibaki, lakini isiwe peke yake.

#14 Nyuki_Mkali

Maoni yangu kwa mwandishi: "polepole kama mtu anayepumua" inamlaza Bibi. Iwake mara kumi kwa sekunde ashtuke!

#15 Nesi_Mstaafu

@Nyuki_Mkali hapana. Mwanga unaomweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde unaweza kumwangusha mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga, na ni wageni wangapi watakaokaa kwenye kiti kile? Mara moja au mbili kwa sekunde inatosha kabisa kuvuta jicho. Pembeni mwa jicho tunaona vizuri kitu kinachobadilika kuliko kinachokaa tuli, kwa hiyo hata mmweko wa taratibu unaonekana.

Kuuelekeza mwanga ukutani ni sahihi pia. Mzee mwenye mtoto wa jicho akimulikwa taa kali usoni anaona ukungu tu. Ukuta mkubwa unaong'aa ghafla haumwumizi. Na taa isiwe nyekundu, kwa sababu gizani pembe ya jicho ni hafifu mno kwa nyekundu.

#16 FundiWaya

Kasi nayo niliipigia hesabu. Kwa rezista zake za 100k na kapasita ya maikrofaradi 10 kwenye chipu ya pili, unapata mmweko mmoja kila sekunde mbili hivi. Sekunde kumi na moja nazo ziko sawa: 100k mara maikrofaradi 100 ni sekunde 10, ukizidisha kwa 1.1 unapata 11. Kapasita za aina hiyo hazina adabu, ikitoka 13 usishangae. Ili kuongeza kasi apunguze kapasita ya pili iwe 4.7, mmweko utakuwa karibu mmoja kwa sekunde.

Kinachonikera mimi ni betri. Mkuu @Kalamu_Kavu, betri ya volti 9 imalize msimu wa mvua? Haiwezekani. NE555 ya kawaida inakunywa miliampea 5 hivi kwa volti 9 hata kama hakuna mgeni hata mmoja. Betri ile ndogo ya mraba ina kama miliampea-saa 500. Gawanya: saa 100. Ukiiwasha Jumatatu asubuhi, Ijumaa mchana imekwisha. Na hapo nimehesabu chipu moja tu, nikidhani ya pili inapata umeme kutoka kwenye mguu wa 3 wa ya kwanza. Kama zote mbili ziko kwenye betri muda wote, Jumatano mchana imekwisha.

#17 Kalamu_Kavu

Kwa hiyo swali la msomaji wangu (taa kuwaka yenyewe) linawezekana, ila sehemu ambayo hakuna aliyeitilia shaka ndiyo haiwezekani? Nimecheka peke yangu hapa.

#18 FundiWaya

Ndiyo hivyo. Una njia mbili. Mpe chipu ya 7555, ndugu yake wa miguu ile ile, inayokunywa sehemu ndogo sana ya miliampea. Hapo msimu mzima unafika, mradi wageni wasiwe wengi. Au mpe adapta ya ukutani.

#19 Ukurasa_wa_Mwisho

Samahanini mafundi, mimi ni msomaji tu, sijui mguu wa 2 wala wa 3. Someni tena. Ni nani aliyeiona taa usiku? Bibi peke yake. Rehema hakuiona hata mara moja. Na ni nani anayeweza kufika kwenye kitufe usiku bila kuonekana? Mimi nasema ni mkono wa mtu. Rehema alikuwa anabonyeza mwenyewe, kisha anauliza "Niizime usiku?" kupima kama Bibi anaipenda taa yake.

#20 Kijicho

Mtoto wa miaka 12 atoke nje usiku wa manane kubonyeza kengele? Huyo hana mama?

#21 Ukurasa_wa_Mwisho

Si lazima atoke nje. @FundiWaya, ukigusa waya ndani ya nyumba si inatosha?

#22 FundiWaya

Inatosha. Agusishe waya mbili popote njiani. Kwa rezista ya 100k hata kidole kilicholowa kinaweza kuzipitishia.

Ila kama ni kutafuta ukweli, mtoto aliyejenga kitu hiki angeupata bila kubishana na mtu. Anachomoa waya wa kitufe pale kwenye mguu wa 2, anaacha rezista mahali pake, analala. Taa ikiwaka tena, kosa liko kwenye saketi yenyewe au umeme wake. Isipowaka, anarudisha waya na kuchomoa kitufe upande wa mlangoni. Ikiwaka, waya unadaka, soma #2. Isipowaka, kitufe kinavuja, soma #6. "Akakagua kila kiungo" haitoshi. Viungo vizima ndivyo vinavyodaka vizuri.

#23 Nesi_Mstaafu

@Ukurasa_wa_Mwisho umenishtua na hilo la Bibi peke yake. Kuna jambo jingine, na ningefurahi mwandishi asilipuuze. Huenda taa haikuwaka kabisa.

Jicho la mzee ndani yake lina ute mzito unaosinyaa na umri. Ukianza kuachana na ukuta wa nyuma wa jicho unauvuta, na jicho halijui maumivu ya kuvutwa, linajua mwanga tu. Mtu anaona mimweko pembeni mwa jicho, hasa gizani, hasa akigeuza macho. Wagonjwa wangu walikuwa wakieleza radi, wengine waliamka kutazama nani kapita na tochi. Bibi ambaye kaambiwa "ukiona mwanga kuna mgeni" atakwenda kufungua mlango.

Mara nyingi hutulia. Lakini mimweko ikianza ghafla, ikaja na vidoa vyeusi vingi vinavyoelea au kivuli kama pazia upande mmoja, ni kwenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Huenda ukuta wa jicho unachanika.

#24 MamaSubira

Eeh! Sasa hadithi imekuwa ya kutisha kuliko mzimu.

#25 Mzee_Sikio

Nesi, mimi huona hivyo nikigeuka kitandani. Ni jicho la kushoto.

#26 Nesi_Mstaafu

Tangu lini, mzee wangu? Kama ni mpya, usisubiri kesho. Kama ni ya zamani na haijabadilika, bado mtu akuangalie ndani ya jicho kwa dawa ya kupanua mboni. Usiendeshe gari siku hiyo.

#27 Mzee_Sikio

Ya zamani kidogo. Nitakwenda. Binti yangu anasoma uzi huu, ameshanipigia.

#28 FundiWaya

Jibu la kujua ni lipi kati ya haya bado ni jepesi. Aweke taa ndogo nyingine mahali ambapo Rehema anaiona akiwa kitandani, ifuate ile ya kwanza. Bibi akisema "jana kulikuwa na mgeni" na Rehema alikuwa macho hakuona kitu, mpeleke Bibi kwa daktari. Ikiwaka kwa wote wawili, rudi #22.

#29 Kalamu_Kavu

Shukrani. Nimesoma yote. Nimefanya mabadiliko mawili tu: betri imeondoka, imekuja adapta. Na Rehema anapata taa ya pili chumbani kwake, @FundiWaya. Usiku ule anakaa macho, lakini nimeishia pale anapojifunika shuka akitazama taa. Kilichotokea sikiandiki. Nikiandika kwamba anachomoa waya na kupata jibu, nimebaki na mwongozo wa fundi.

#30 Ukurasa_wa_Mwisho

Mimi hapo sikubali. Ukimpa taa ya pili halafu ukakata, msomaji atakuona unamficha. Bora ile ya kwanza, mgeni mwenye haya.

#31 FundiWaya

Na mimi sikubali, ila kwa sababu nyingine. Umeweka adapta? Basi umeleta mgeni mwingine. Saketi ya namna hii, umeme ukikatika na kurudi, mara nyingi hujianzisha pale unaporudi, kwa sababu kapasita na miguu haiamki kwa pamoja. Usiku umeme unakatika watu wamelala, unarudi, taa inawaka sekunde kumi na moja. Rehema ataiona, Bibi ataiona, waya ni mzima, kitufe ni kikavu, na jicho la Bibi halina neno.

#32 Kijicho

Yaani umeme nao ulikuwa unaisha. Nilisema #3.

#33 FundiWaya

Hukusema hivyo.

#34 Nyuki_Mkali

Alisema karibu hivyo 😂

#35 Jirani_Mwema

Wakuu, nimemuuliza jirani. Kweli anayo ya aina hiyo hiyo. Akibonyezewa kwake inalia kwangu. Nahama mimi au anahama yeye?

#36 FundiWaya

Hahami mtu. Kitufe na spika yake vinatambuana kwa namba ya siri, na zenu zimetoka kiwandani zikiwa na namba moja. Fungua kitufe chako. Kama kuna vijiti vidogo au viswichi mstari mmoja, badilisha kimoja ndani ya kitufe na kile kile ndani ya spika. Kama hakuna, shikilia kitufe cha spika mpaka ilie, kisha bonyeza cha mlangoni, zitafundishana upya. Ikigoma, taja namba iliyoandikwa nyuma yake.

#37 Jirani_Mwema

Kuna viswichi vitano. Nimebadilisha cha tatu kotekote. Sasa nasubiri jirani apate mgeni.